Hesabu kabla ya moto, pima baada ya moto: makro za sufuria moja ya maharage

Haya ni mazungumzo yangu ya Jumamosi kwenye darasa letu la mapishi hapa Mbeya. Mvua iliwazuia wengi kufika, nao wameomba wayapate. Nayaweka yote kama nilivyoyasema.

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, hamjambo? Karibuni, sogeeni mbele, wa nyuma hawataiona mizani.

Mnaiona sufuria hii? Ndani yake kuna maharage ya njano kutoka Uyole, nimeyaunga kwa kitunguu, nyanya, karoti na mafuta ya alizeti. Hakuna mtu humu ndani asiyejua kuyapika. Swali langu la leo ni jingine. Nikikupakulia sahani moja kutoka kwenye sufuria hii, utakula protini kiasi gani? Wanga kiasi gani? Mafuta kiasi gani? Hivyo vitatu ndivyo vijana wanaviita makro, na wengi wenu mmeanza kuulizwa. Mama lishe anaulizwa na mteja anayefanya mazoezi. Mpishi wa hoteli anaulizwa na mgeni. Mama wa nyumbani anaulizwa na mzee wake aliyetoka kliniki ya kisukari. Tunajibu nini? Tunasema, "Maharage yana protini nyingi." Hilo si jibu. Nyingi ni ngapi?

Nawapeni sentensi moja, tutairudia mpaka tuchoke: hesabu kabla ya moto, pima baada ya moto. Semeni na mimi. Hesabu kabla ya moto, pima baada ya moto.

Kwa nini kabla ya moto? Kuna kijana mmoja anayenyanyua vyuma, alinijia na daftari lake. Alikuwa anapima maharage yaliyoiva, gramu 300 kwenye sahani, kisha anaangalia kwenye simu yake namba za maharage. Simu ikamwambia kila gramu 100 zina protini gramu 22. Akazidisha kwa tatu, akapata 66. Alikuwa anakula sahani mbili kwa siku, anaandika 132, halafu ananiuliza kwa nini mwili haujengeki. Nikamwambia, mdogo wangu, hiyo 22 ni ya maharage makavu. Wewe umepima maharage yaliyokunywa maji. Maharage makavu yakishaiva uzito wake huzidi mara mbili, na kilichoongezeka chote ni maji. Maji hayana protini, hayana wanga, hayana mafuta. Kwenye sahani zake mbili hakufika hata nusu ya hizo 132.

Mmeona kosa lilipo? Mizani yake ilikuwa nzima na jedwali lake lilikuwa sahihi, ila alichukua uzito wa kilichoiva akauzidisha kwa namba ya kikavu. Ndiyo maana tunahesabu kabla ya moto. Kikiwa kibichi, au kikavu, au hakijachanganywa, kila kitu kina jina lake na uzito wake, na namba zake zinapatikana.

Namba tunazipata wapi? Lipo jedwali la vyakula vya Tanzania lililotolewa mwaka 2008, kazi ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzao wa Harvard. Yapo pia majedwali ya nje yanayopatikana kwenye simu. Ninazotumia leo nimezizungusha ili tuweze kuzihesabu kwa kalamu. Unapolifungua jedwali lolote, soma kwanza neno lililo pembeni ya jina la chakula: kavu, mbichi, au kilichochemshwa. Ukishalisoma neno hilo, ndipo uiangalie namba.

Sasa tuifungue sufuria. Asubuhi, mkiwa hamjafika, nilipima kila kitu mbele ya dada yule wa pale mlangoni, naye aliandika. Maharage makavu yalikuwa gramu 500. Angalieni, nilipima baada ya kuyachambua. Mawe na vipepe havina makro, na ukinunua kisado sokoni Mwanjelwa unajua mwenyewe kinachotoka. Kitunguu kilikuwa gramu 200 baada ya kumenya, karoti gramu 150 baada ya kumenya, nyanya gramu 400. Tunapima kinachoingia mdomoni, si kinachoingia kikapuni. Kwenye kitunguu tofauti ni ndogo. Kwenye ndizi za Tukuyu tofauti ni kubwa sana, maana ganda lake ni zito. Na ukipika nyama ya mifupa, mfupa unaobaki sahanini lazima utolewe kwenye hesabu.

Tuanze na maharage, maana ndiyo yamebeba sufuria. Kila gramu 100 kavu zina protini kama gramu 22, mafuta gramu 1, wanga gramu 60. Tunazo 500, kwa hiyo tunazidisha kwa tano: protini 110, mafuta 5, wanga 300. Mmeandika? Sasa mboga. Kitunguu kizima kimeleta wanga gramu 19 na protini 2. Nyanya wanga 16, protini 4, mafuta 1. Karoti wanga 14, protini 1. Tazameni udogo wake! Mboga zote tatu, uzito wake gramu 750, zimeleta protini 7 tu, maana sehemu kubwa ya nyanya ni maji. Kwa hiyo ukikosea nyanya moja usikose usingizi. Chumvi ina makro ngapi? Sifuri. Maji? Sifuri.

Lakini kuna kitu kimoja kwenye sufuria hii ambacho ukikikosea umeharibu hesabu yote. Kipi?

Nasikia mafuta. Ni kweli, ni mafuta.

Nikae hapa kidogo. Mwaka jana nilikaa jikoni kwa mama mmoja wa Mbalizi, mpishi hodari kweli. Nikamuuliza, "Mama, unaweka mafuta kiasi gani?" Akanijibu bila kusita, "Vijiko vitatu." Na alisema kweli kwa jinsi anavyoamini. Nikamwomba apike kama kawaida yake, nisimsumbue. Ila kabla hajashika chupa niliiweka kwenye mizani, na alipomaliza niliiweka tena. Chupa ilikuwa imepungua gramu 92. Vijiko vitatu vikubwa vya kupimia ni kama gramu 41. Yeye alikuwa anamimina kwanza mpaka kitunguu kielee kidogo, kisha anaongeza kidogo nyanya zikianza kukauka, kisha kidogo tena "ili ing'ae". Kichwani mwake vilikuwa vijiko vitatu. Kwenye sufuria vilikuwa karibu saba.

Tofauti ya gramu 51 ni kitu gani? Hapa lazima tuseme kalori. Mwanakemia mmoja wa Marekani, Atwater, alifanya kazi kubwa ya kupima nishati ya vyakula mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo tunatumia namba zake tatu: gramu moja ya protini inatoa kalori 4, gramu moja ya wanga kalori 4, gramu moja ya mafuta kalori 9. Nne, nne, tisa. Kwa hiyo gramu 51 za mafuta ambazo mama hakujua ameziweka ni kalori 459. Ukisahau nyanya zote zilizomo kwenye sufuria hii, hukosei hata kalori 100. Ukimimina mafuta kwa jicho, unakosea kalori 459. Niambieni, kipi kinastahili mizani?

Njia yake ni rahisi na haimchafui mtu. Weka chupa kwenye mizani, bonyeza kitufe kilichoandikwa TARE mpaka isome sifuri, chukua chupa, pika unavyopika, ongeza unavyoongeza, kisha rudisha chupa. Mizani itasoma namba yenye alama ya kutoa mbele yake. Hiyo ndiyo iliyoingia kwenye sufuria. Angalia tu mizani yako isijizime katikati. Nyingi hujizima zikikaa kimya, na ikijizima sifuri yako imepotea. Kama ni ya hivyo, andika uzito wa chupa mwanzo na mwisho, toa.

Leo nimemimina kiasi kilekile cha mama, gramu 92, makusudi. Mafuta safi ni mafuta matupu, kwa hiyo gramu 92 zinaingia zote kwenye safu ya mafuta.

Jumlisheni. Protini: 110, 2, 4 na 1. Ngapi? Safi, 117. Mafuta: 5 ya maharage, 1 ya nyanya, 92 ya chupa: 98. Wanga: 300, 19, 16, 14: 349. Sasa nne, nne, tisa. Protini 117 mara nne ni 468. Wanga 349 mara nne ni 1,396. Mafuta 98 mara tisa ni 882. Sufuria nzima ina kalori 2,746. Mmeona mafuta ya chupa yalivyokaa humo? Gramu 92 peke yake ni kalori 828, karibu theluthi moja ya sufuria nzima, wakati kwa uzito hata huyaoni.

Tumemaliza nusu ya kwanza ya sentensi yetu. Tumehesabu kabla ya moto. Sasa nusu ya pili. Semeni: pima baada ya moto.

Kwa nini tupime tena? Si tumeshajua kilichomo? Tumejua kilichomo kwenye sufuria. Hatujajua kilichomo kwenye sahani. Na watu hawali sufuria.

Wengine mnafanya hivi: mnaandika "resipe hii ni ya watu wanane", mnagawa kwa nane, basi. Lakini nani amegawa? Upawa umegawa, na upawa una huruma: kwa baba unajaa, kwa mtoto unapungua, kwa mgeni unarudi mara mbili. Ukisema nane, mimi nakuuliza, nane zipi? Kwa hiyo tunapima. Sufuria hii tupu, bila mfuniko, ni gramu 1,150. Nilikwangua namba hiyo kwa msumari chini ya kitako, njooni mwone. Sasa hivi, nikiiweka ikiwa na maharage yake, mizani inasoma 3,550. Toa 1,150. Chakula chenyewe ni gramu 2,400. Nikitaka sahani nane zilizo sawa, kila moja ni gramu 300. Sahani ya gramu 300 ina protini kama 15, mafuta 12, wanga 44, kalori kama 343. Hilo ndilo jibu la yule mteja. Na kama mtu hataki gramu 300, gawa kwa 24 upate za kila gramu 100: protini 4.9, mafuta 4.1, wanga 14.5, kalori 114. Akila gramu 450, zidisha kwa nne na nusu, umemaliza.

Msinipe namba ya gramu 14.63, tafadhali. Jedwali lenyewe ni wastani wa maharage mengi, na maharage yako hayakukaa kwenye wastani huo kwa sentimita. Sema kama 15.

Kabla hatujaendelea, mtu atajuaje kama amekosea? Nawapeni jicho moja la haraka. Kwenye gramu 100 za kilichoiva, jumlisha protini, mafuta na wanga. Sisi tumepata 4.9 na 4.1 na 14.5, jumla 23.5. Zilizobaki, kama 76, ni maji, na kila mtu humu anaona kwamba haya ni maharage ya mchuzi. Yule kijana wa vyuma angejumlisha angepata 83 kwa 100. Yaani maji 17 tu! Maharage yenye maji kidogo hivyo yako gunia gani? Hayo huwezi kuyatafuna, hayajapikwa. Jumla yako ikisema chakula kikavu huku macho yako yanaona mchuzi, rudi mwanzo. Umechanganya kavu na kilichoiva.

Sasa sikilizeni hadithi inayonihusu mimi mwenyewe, maana ilinifundisha kupima kila mara. Nilipata resipe ya maharage kutoka kwa rafiki yangu wa Dar es Salaam, ameandika vizuri hadi uzito wa sufuria ikiwa imeiva. Nikapika vitu vilevile kwa uzito uleule, nikatumia namba zake za gramu 100, sikupima sufuria yangu. Baada ya wiki nikapima kwa bahati tu, nikakuta yangu ina uzito mwingine kabisa. Kwa nini? Tuko wapi sisi? Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji hapa yanachemka kwenye nyuzi kama 94, si 100 kama kule pwani. Maharage yanakaa motoni muda mrefu zaidi, mvuke unatoka zaidi, unaongeza maji, unaongeza tena. Yeye anaacha mchuzi mwepesi, mimi naacha mzito. Makro za sufuria zilikuwa zilezile, lakini zilikuwa ndani ya maji tofauti. Ndiyo maana uzito wa sufuria ya mwenzako haukuhusu. Wala wa sufuria yako ya wiki jana.

Hata wa jana. Tuseme leo jioni zimebaki sahani nne, yaani gramu 1,200. Kesho asubuhi unapasha moto, unaenda kumwandaa mtoto wa shule, ukirudi mchuzi umekauka. Unapima, zimebaki 1,000. Je, protini imepungua? Hapana. Mafuta? Hapana. Kilichopanda na mvuke ni maji. Lakini ukiendelea kupakua gramu 300 kwa mazoea, kila sahani sasa ina protini 17 au 18 na kalori kama 412, badala ya 343. Ufanye nini? Mambo mawili, chagua moja. Ongeza maji ya moto mpaka mizani irudi 1,200, koroga, endelea na namba zako. Au gawa upya: 1,000 kwa nne, sahani ni gramu 250, na makro zake ni zilezile za sahani ya jana.

Nimesema koroga. Mafuta yanaelea na maharage yanazama. Anayepakuliwa wa kwanza juu juu anapata mafuta ya wenzake, anayekwangua chini anapata protini yao. Mizani haiwezi kuliona hilo, itasoma 300 kwa wote wawili. Kwa hiyo kabla ya kila sahani, upawa uende mpaka chini, ugeuze, ndipo upakue. Na mtu anayependa mchuzi mtupu, hesabu hii haimfai. Mwambie ukweli huo.

Jambo langu la mwisho ni la wenye wagonjwa wa kisukari nyumbani. Mzee mmoja aliniletea karatasi mbili, zote za maharage makavu, moja inasema wanga 60, nyingine inasema 40 na kidogo. Akaniuliza, "Mwanangu, nani mwongo?" Hakuna mwongo. Maharage yana nyuzinyuzi nyingi, kama gramu 15 hadi 25 kwa kila 100 kavu, kutegemea aina. Majedwali ya Marekani yanazihesabu ndani ya wanga. Vibandiko vya Ulaya vinaziweka kando. Nyuzinyuzi hazigeuki kuwa sukari kwenye damu kama wanga mwingine, na kalori zake ni chini ya 4 kwa gramu, kwa hiyo hata zile 343 zetu zimezidi kidogo. Kwenye sahani yetu ya gramu 300, katika wanga 44, kati ya gramu 9 na 16 ni nyuzinyuzi za maharage. Wanga unaobaki ni kama 28 hadi 35. Kwa hiyo unapomwandikia mzee, andika namba zote mbili, na muulize mtaalamu wake wa kliniki anahesabu kwa ipi. Hasa kama anachoma insulini, hiyo si ya kukisia jikoni. Na usichanganye: maharage kutoka jedwali linalojumuisha, mchele kutoka kibandiko kisichojumuisha, kisha ujumlishe. Chagua mtindo mmoja kwa sufuria nzima.

Nimeuliziwa wali hapa mbele. Dada, ni hivyohivyo. Mchele wa Kyela upime mkavu kabla ya kuosha, maana ukishaosha umeshashika maji. Kila gramu 100 zina wanga kama 80 na protini 7. Pima mafuta kwa chupa kama tulivyofanya. Ukiiva, pima sufuria, toa uzito wa sufuria tupu, gawa.

Sasa nyanyukeni. Mizani zipo nne, sufuria zipo nne, tupu. Kila kundi lianze kwa kupima sufuria yake na kukwangua namba chini ya kitako. Msumari uko hapa mezani.